Faranga 100 ya Choo cha Nyabugogo Inakwenda Wapi



Abiria aliyetoka Rusizi alfajiri anashuka gare ya Nyabugogo akiwa amekaa kitini saa tano au sita. Kitu cha kwanza anachotafuta si motari wala chai. Anatafuta choo. Akikipata, mlangoni anakuta mtu na meza, na juu ya meza kuna sarafu. Anatoa faranga 100, anaingia, anatoka, anapanda basi la Musanze na kusahau. Leo sisi hatutasahau. Tutaifuata ile sarafu mpaka tuone inakwenda wapi, na kama inatosha.

Hesabu nitakayoifanya ni makadirio, nami nayataja wazi ili mwenye bei bora aweke yake na kuona matokeo yanavyobadilika. Sizungumzii choo fulani kilichopo leo pale gare. Nawaza choo kipya ambacho mji, wilaya au chama cha wasafirishaji kingeamua kukijenga kesho. Nitawapa namba nyingi kidogo, lakini mnaombwa kushika moja tu tangu sasa: watu 1,200 kwa siku. Nyabugogo hupitiwa na watu wengi kuliko hao mara nyingi, ila hawa ndio naamini choo kimoja cha wastani kinaweza kuwahudumia bila foleni kufika barabarani. Nimewagawa wanaume 700 na wanawake 500.

Choo chenyewe nakipa matundu sita upande wa wanawake, matatu upande wa wanaume pamoja na ukuta wa kukojolea, na chumba kimoja kipana cha mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mbona wanawake wachache wamepewa matundu mengi? Kwa sababu mwanamke hutumia kama dakika nne ndani, wakati mwanaume wa kukojoa tu hamalizi moja. Tundu moja la dakika nne huhudumia watu 15 kwa saa, na sita huhudumia 90. Saa ya msongamano, jioni watu wanaporudi mikoani, watakuja wanawake 70 hivi. Ukijenga matundu sawa kwa sawa, ukadhani umetenda haki, utaona foleni ya kina mama imefika kwenye mabasi na upande wa pili hakuna mtu.

Sasa tuje kwenye kujenga. Hapa Nyabugogo si mahali pa kawaida. Ni bondeni. Mfereji wa Mpazi unashuka kutoka vilima vya Kimisagara na Gitega na kuingia mto Nyabugogo, nao mto unaenda kukutana na Nyabarongo. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji huja chini kwa dakika chache, na wafanyabiashara wa pale wanajua maana yake. Ardhi yenyewe ina maji karibu na uso. Kwa mwenye nyumba kule Kicukiro juu ya kilima, maji ya choo huingia kwenye tangi, yakatulia, kisha yakaenda kwenye shimo la mawe na kuzama ardhini. Bondeni shimo la namna hiyo halinywi. Ardhi imeshashiba. Maji yanakaa, yanapanda, yanarudi chooni au yanatokea juu ya udongo.

Uamuzi mmoja wa mchoraji ramani hapa ndio unaoamua bei ya mlangoni kwa miaka 10 ijayo. Tazama. Watu wetu 1,200 watatumia maji lita 6,500 kwa siku: kama lita sita kwa kila anayeingia tunduni, lita moja kwenye ukuta wa kukojolea, lita moja ya kunawa kwa kila mtu, na lita 600 za kusafishia. Karibu yote huishia kwenye majitaka. Mchoraji mvivu ataweka tangi kubwa lililozibwa, halina pa kutokea, na kuandika pembeni kwamba litanyonywa na gari likijaa. Litajaa kila baada ya siku moja na nusu. Gari la lita 10,000 litahitajika safari 20 kwa mwezi. Tuseme safari moja, pamoja na kwenda kumwaga Nduba ng'ambo ya mji, ni faranga 90,000. Jumla ni 1,800,000 kwa mwezi. Mapato yetu ya mwezi, watu 1,200 mara 100 mara siku 30, ni 3,600,000. Nusu ya kila sarafu imepanda gari la kunyonya kabla hujamlipa mtu yeyote.

Mwendeshaji akishafika hapo, anajua mwenyewe la kufanya, nanyi mnalijua. Usiku mmoja wa mvua fundi anakuja na bomba, anatoboa tangi kwa juu, na maji yanaelekea Mpazi. Gharama imekwisha. Kwa hiyo nawapa kipimo cha bure: choo cha bondeni kinachohudumia watu elfu moja kwa siku, na majirani hawajaona gari la kunyonya mwaka mzima, mwenye nacho aulizwe maji yanatokea wapi. Ama ana mtambo wa kuyasafisha na atakuonyesha, ama ana bomba.

Njia nyingine ni kutenganisha maji na tope. Majitaka yanaingia kwenye tangi la vyumba vinavyofuatana, tope linabaki chini na kuozea humo, maji yanayosalia yanapita kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, kisha yanapimwa maabara kabla ya kuruhusiwa kutoka. Mamlaka ya mazingira, REMA, haitakubali kinyume cha hapo, na ina haki. Kitanda hicho kinataka nafasi, kama maegesho ya mabasi mawili, na pale gare nafasi ya basi moja ni mali. Hapo ndipo watu wa mazingira na watu wa mabasi hugombana. Lakini tope lenyewe, likiwa peke yake, ni safari tatu au nne za gari kwa mwaka mzima. Kutoka safari 20 kwa mwezi hadi nne kwa mwaka! Pamoja na kupima maji maabara, natenga 60,000 kwa mwezi, na tumemaliza.

Fundi asisahau mambo mawili. Sakafu inyanyuliwe juu ya alama ya mafuriko ya zamani, walau mita moja, na ngazi ifuatane na mteremko wa kiti cha magurudumu. Na tangi lifungwe kwa uzito wa zege chini, kwa sababu tangi tupu kwenye ardhi iliyojaa maji hupanda juu lenyewe na kung'oa mabomba. Ndiyo maana kunyonya hufanywa Julai au Agosti, kiangazi, si Aprili.

Mji wa Kigali unajengewa mfumo wake wa kwanza mkubwa wa mabomba ya majitaka, kwa fedha za benki ya uwekezaji ya Ulaya na benki ya maendeleo ya Afrika, na mtambo wake uko Giti cy'Inyoni, si mbali na Nyabugogo. Bomba hilo likifika gare, nusu ya maneno yangu ya leo yatapitwa na wakati, nami nitafurahi. Kwa sasa chemba ya kuunganishia iachwe tayari, na kazi iendelee.

Gharama ya kujenga yote haya naiweka faranga milioni 54. Jengo lenyewe la mita 80 za mraba ni milioni 32, usafishaji wa majitaka milioni 14, matangi ya maji, mnara na mabomba milioni nne, na milioni nne za vibali, mhandisi na dharura. Anayedhani milioni 14 za majitaka ni nyingi arudie hesabu ya gari: tangi la kunyonya kila siku moja na nusu lingezila ndani ya miezi minane.

Maji safi je? Watu wengi hudhani ndiyo mzigo mkubwa. Sivyo. Kwa bei za RURA za mwaka 2019, mteja asiye wa nyumbani alilipa WASAC faranga 877 kwa kila lita 1,000 za mwanzo hadi mita 50 za ujazo, na 895 kwa zinazozidi, kabla ya kodi. Sisi tunatumia mita 195 kwa mwezi. Pamoja na kodi, bili inakaribia 205,000. Gawa kwa watu 36,000 wa mwezi: faranga sita kwa mtu. Sita tu katika 100.

Tatizo la maji si bei ya bomba, ni siku ambayo bomba halitoi. Siku hiyo unanunua jerikani. Lita 6,500 ni jerikani 325, na hata ukizipata kwa 100 kila moja, umetoa 32,500 kwa siku badala ya 6,800. Kwa hiyo tangi la kuhifadhi lichukue mahitaji ya siku mbili, lita 13,000, lisipungue. Kuna watakaoniambia nivune mvua. Sawa, Kigali inapata milimita 1,000 hivi kwa mwaka, na paa letu la mita 100 litatupa lita 80,000. Ni nyingi kwa kusikia, lakini ni mahitaji ya siku 12 tu. Weka mfereji wa paa, haugharimu sana, ila usiutegemee kwenye bajeti.

Mita ya maji ina kazi nyingine ambayo wenye vyoo hawaitumii. Lita 6,500 kwa watu 1,200 ni kama lita tano na nusu kwa mtu. Jioni moja ukisoma mita na kukuta lita 6,500 zimekwenda, na kwenye daftari la mlangoni umeandikiwa watu 700, kuna mawili. Ama maji yanavuja, ama sarafu zinavuja. Namna ya kujua ni rahisi: soma mita usiku baada ya kufunga, isome tena kabla ya kufungua. Ikiwa imesogea, tafuta bomba. Ikiwa imetulia, tafuta mtu.

Na hapo tunafika kwa mtu.

Gare hufunguka mapema na hufunga usiku. Tuseme choo kiko wazi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa nne usiku, saa 17, siku zote saba. Wanahitajika watu watatu kwa wakati mmoja: mpokeaji wa pesa, msafishaji wa upande wa wanawake, na msafishaji wa upande wa wanaume. Hizo ni saa 357 za kazi kwa wiki. Sheria ya kazi ya Rwanda, tangu marekebisho ya mwaka 2023, inasema wiki ya kazi ni saa 40. Gawa. Unapata watu tisa.

Najua kuna msikilizaji ameguna. Tisa, kwa choo? Desturi ya mijini yetu, si Kigali peke yake, ni kuwaweka watu wawili au watatu, wanaingia giza na kutoka giza, na mwisho wa mwezi wanapewa kitu cha kununulia unga. Choo kama hicho kinaonekana kina faida, lakini faida yenyewe imetolewa mgongoni mwa mama mmoja mwenye ndoo. Na huyo mama, saa tisa alasiri, amechoka. Anapita tundu moja kati ya matatu. Wateja wanaona, wanahesabu kimoyomoyo, na kesho wanajisaidia nyuma ya basi. Halafu yule wa pesa, anayelipwa nusu ya anachostahili, anajiongezea nusu nyingine mlangoni. Humlaumu kwa urahisi ukijua mshahara wake.

Mimi nimeweka faranga 100,000 kwa kila mmoja kwa mwezi. Si mshahara wa kutajirika Kigali, lakini ni wa mtu kubaki kazini mwaka mzima na kujua kila valvu ilipo. Mwajiri anaongeza mchango wa pensheni, ambao tangu Januari 2025 umepanda kutoka asilimia tatu hadi sita kwa upande wake, pamoja na asilimia mbili za ajali kazini na sehemu ndogo ya uzazi. Wote tisa wanagharimu kama 975,000. Kwa mtumiaji mmoja ni faranga 27. Ukiwapunguzia hadi 50,000, utaokoa faranga 13 na nusu kwa kila anayeingia, na utazipoteza zote siku choo kinapoanza kunuka.

Karatasi, kama mita moja kwa anayeihitaji, nakadiria 288,000 kwa mwezi. Sabuni, dawa, glovu, buti na umeme ni 160,000. Mtu wa hesabu na usimamizi, kwa muda wa sehemu, 150,000. Matengenezo natenga asilimia tano ya gharama ya ujenzi kwa mwaka, yaani 225,000 kila mwezi, na zisiguswe kwa jambo lingine. Vitasa, bawaba, bomba za kunawa, hivyo huharibika gare kwa kasi ambayo hotelini hawaijui.

Jumlisha sasa. Kuendesha tu kunakula 2,060,000 kwa mwezi, au faranga 57 kwa mtu. Ongeza akiba ya kujenga upya baada ya miaka 10, milioni 54 kugawa miezi 120, ni 450,000, au faranga 13 zaidi. Tumefika 70. Mwendeshaji wa biashara ambaye mauzo yake yanazidi milioni 20 kwa mwaka anatakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, na sisi tunauza milioni 43. Katika kila 100, kodi ni 15. Tuko 85. Zinabaki 15.

Kwa hiyo jibu la kwanza: ndiyo, 100 inatosha. Inatosha kulipa watu tisa kwa haki, kunyonya tope, kutengeneza mlango, kulipa kodi, na kuwa na akiba ya jengo jipya. Sikutarajia hivyo nilipoanza kuandika namba hizi, maana malalamiko ya waendeshaji hunifanya niamini kwamba 100 ni sadaka.

Lakini inatosha kwa masharti. La kwanza, idadi. Watu wakishuka chini ya 950 kwa siku, mapato yanashindwa kufikia gharama, kwa sababu mishahara na akiba haipungui wateja wakipungua. La pili, mkopo. Ukikopa milioni 54 benki kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka mitano, rejesho ni zaidi ya 1,340,000 kwa mwezi, faranga 37 kwa mtu. Weka 37 mahali pa zile 13 za akiba, na hata kabla ya kodi umegusa 95. Haiwezekani. Anayejenga choo cha umma kwa mkopo wa biashara ameshaamua kupandisha bei au kutowalipa watu.

Sharti la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: kodi ya pango. Mwenye eneo anatangaza zabuni, na anayeahidi pango kubwa anapewa funguo. Tuseme ameahidi 600,000 kwa mwezi. Idadi ya watu inayohitajika inaruka kutoka 950 hadi 1,230, yaani zaidi ya wateja wetu wote. Mwendeshaji hataikimbia zabuni aliyoshinda. Atakula matengenezo kwanza, maana hakuna anayeona mwezi wa kwanza. Kisha atakula karatasi. Kisha mishahara. Mwaka wa pili matundu mawili yamefungwa kwa waya, na yule aliyepokea pango anashangaa choo kimekuwaje.

Mwendeshaji akibanwa hivyo, anataka 200. Hapa naomba usikivu wenu. Rwanda, sarafu kubwa kuliko zote ni ya 100, na noti ndogo kuliko zote ni ya 500. Bei ya 100 ni sarafu moja, unaidondosha na kupita. Bei ya 150 inaleta kutafutana chenji na foleni. Kwa hiyo bei haipandi kidogo kidogo, inaruka: kutoka 100 hadi 200. Simu imepunguza tatizo hilo, mtu anapiga *182*8*1# na namba ya mwenye biashara, lakini aliyebanwa na tumbo hana subira ya kubonyeza.

Tuseme bei imekuwa 200 na nusu ya watu wamekataa. Wamebaki 600. Nani amepata hasara? Si mwendeshaji. Kwa kila mtu sasa, baada ya kodi, karatasi na maji, anabaki na faranga 155 badala ya 71. Mara watu 18,000 wa mwezi, toa gharama zisizopungua, mfukoni inabaki kama 770,000. Alipokuwa na watu 1,200 kwa bei ya 100 ilikuwa 530,000 tu. Amepoteza nusu ya wateja na kuongeza faida! Tena ana kazi pungufu ya kusafisha. Wale 600 wengine hawakuacha kwenda haja. Wamekwenda ukutani, kwenye mfereji, nyuma ya magari ya mizigo, na gharama yao inalipwa na muuza ndizi aliye karibu na ukuta huo.

Ndiyo maana nasema bei ya choo cha gare haiwezi kuachwa kwa anayekiendesha, hata awe mwaminifu vipi. Namba zinamsukuma upande mmoja, na mji unataka upande mwingine.

Nairobi walijaribu jambo linalofaa kuangaliwa. Mwishoni mwa muongo wa 2000, David Kuria na kampuni yake ya Ecotact walianza vyoo vya Ikotoilet katikati ya jiji, kwa shilingi tano za Kenya. Baraza la jiji lilitoa ardhi, Ecotact ikajenga na kuendesha kwa miaka kadhaa, kisha vyoo virudi mikononi mwa jiji. Ndani ya lile jengo kulikuwa na mpiga rangi viatu na duka dogo, na kuta zilibeba matangazo. Ile shilingi tano haikuachwa peke yake. Nyabugogo ina ukuta ambao maelfu hupita mbele yake kila saa. Kibanda kimoja cha kuuzia maji na kadi za simu, na tangazo moja la benki, vinaweza kulipa wasafishaji wawili au watatu bila kumgusa abiria.

Na kuna watu ambao 100 ni nyingi kwao, nao si abiria. Mwenye kuuza karanga anashinda pale kutwa. Akienda mara tatu kwa siku, siku 26, ametoa 7,800 kwa mwezi. Hatatoa. Mpe kadi ya mwezi ya 3,000. Mwendeshaji ataona kama amepunjwa, lakini maji na karatasi za mtu mmoja mmoja hazizidi faranga 14, na kadi hiyo ni karibu 38 kwa kila mara. Anapata faida, na anapata wateja wa saa za mchana ambapo choo huwa kitupu. Watoto wadogo waingie bure na mama zao, hilo halibadilishi chochote kwenye daftari.

Basi kwa wale watakaoandaa zabuni ya choo kinachofuata pale gare, nawaomba hivi. Jengeni kwa fedha za umma, msitoze pango, na shindanisheni waendeshaji kwa idadi ya watu wanaoahidi kuwahudumia na mishahara wanayoahidi kulipa, si kwa kiasi watakachowaletea ofisini. Bei ya 100 iandikwe kwenye mkataba na isibadilike bila kufunguliwa daftari la mita na la mlangoni. Na tarehe ya mwisho gari la kunyonya lilipokuja iandikwe ukutani, karibu na meza ya sarafu, ambapo kila anayelipa ataiona.